Kiarabu Hakijaharibu Sentensi Yako

Kuna uongo mmoja unaozunguka maduka ya kuchapisha hapa Isiolo, na umezunguka sana hadi hata maustadhi wameanza kuuamini: ati ukiweka jina la Kiarabu ndani ya sentensi ya Kiswahili, Kiarabu kinaharibu sentensi. Nukta inaruka, mabano yanageuka, nambari inahama. Basi fundi anakushauri, kwa sauti ya mtu anayekuonea huruma, uandike jina kwa herufi za kizungu yaishe.

Haliishi. Na kosa si la Kiarabu.

Tuanze na mji wenyewe, maana hapa jambo hili si la nadharia. Wasomali wameandika lugha yao kwa herufi za Kilatini tangu 1972. Waborana nao wanatumia Kilatini. Bidhaa zinazoshuka kwa barabara ya Moyale zina maandishi ya Kiamhari, lakini Kiamhari huenda kushoto kwenda kulia kama Kiswahili, kwa hiyo ukikichanganya na sentensi yetu hakuna kinachoyumba. Kinachokwenda kinyume ni Kiarabu peke yake, na Kiarabu kiko kila mahali: kwenye cheti cha madrasa, kwenye tanzia, kwenye kadi ya nikaha, kwenye bango la mchango wa hospitali. Ukimwambia mtu wa Isiolo aache kuchanganya, unamwambia aache kuandika maisha yake.

Sasa, kinatokea nini hasa? Kompyuta huhifadhi herufi kwa mpangilio ulioziandika, ya kwanza kwanza. Hapo hakuna vurugu yoyote. Vurugu huja wakati wa kuzionyesha, ambapo programu hufuata kanuni za Unicode za maandishi ya pande mbili. Kanuni hizo zinajua kwamba herufi ya Kilatini huenda kulia na ya Kiarabu huenda kushoto, hiyo haina mjadala. Lakini nukta, mkato, nukta mbili na nafasi tupu hazina upande wake. Hizo ni bendera fuata upepo: zinatazama jirani wa huku na jirani wa kule. Jirani wote wawili wakiwa Waarabu, nayo inakuwa Mwarabu. Wakitofautiana, inafuata mwelekeo wa aya nzima. Nambari nazo zina tabia yake ya ajabu, na hiyo ndiyo iliyonifanya niandike makala hii.

Nilishika bango la mchango wa bili ya hospitali, limechapishwa vizuri, rangi zote. Jina la mweka hazina liliandikwa kwa Kiarabu, kisha nukta mbili, kisha nambari ya simu. Watu walipiga, simu haiingii. Wengine wakanong'ona kwamba ni matapeli. Wacha nikuonyeshe kilichotokea. Hapa chini nitaandika JINA mahali pa herufi za Kiarabu, ili makala yenyewe isipinduke mbele ya macho yako, na nambari ni ya mfano tu. Mwandishi wa bango aliandika hivi:

```
Piga kwa JINA: 0123 456 789.
```

Karatasi ikaonyesha hivi:

```
Piga kwa 789 456 0123 :JINA.
```

Tazama vizuri. Kila fungu la nambari liko sawa ndani yake, 456 bado ni 456, lakini mafungu yamepangwa kutoka kulia. Hiyo ni kwa sababu nambari inayofuata herufi ya Kiarabu huhesabiwa kuwa nambari ya Kiarabu. Ndani ya fungu tarakimu huenda kushoto kwenda kulia, kama kawaida, lakini nafasi tupu iliyo kati ya fungu na fungu inachukua mwelekeo wa Kiarabu. Nukta mbili nayo imekwama upande wa kushoto wa jina. Nukta ya mwisho imebaki mahali pake, maana baada yake hakuna Mwarabu mwingine wa kuivuta, na hapo ndipo fundi alipodanganyika: aliangalia mwisho wa sentensi, akaona nukta iko sawa, akabonyeza chapa.

Ukitumia vistari badala ya nafasi, mafungu yanageuka vilevile. Ukiunganisha tarakimu zote bila nafasi hazitapinduka, ila nambari nzima itarukia upande wa kushoto wa jina. Na ukianza na alama ya kujumlisha ya +254, alama hiyo itaonekana mwishoni. Watu wanasema kompyuta imechanganyikiwa. Haijachanganyikiwa hata kidogo. Imefanya kanuni neno kwa neno, kwa sababu hakuna aliyeiambia kwamba jina limeishia wapi.

Lingine ni la majina mawili au matatu yakifuatana. Chukua matokeo ya mashindano ya kuhifadhi Kurani, uandike kwa Kiswahili "washindi ni" kisha majina matatu ya Kiarabu yaliyotengwa kwa mkato. Mkato uko kati ya Waarabu wawili, kwa hiyo orodha nzima inageuka. Anayeisoma kama Kiswahili, kutoka kushoto, atamwona wa tatu akiwa wa kwanza. Anayekijua Kiarabu ataanza kulia na kumpata wa kwanza halisi. Karatasi moja, washindi wawili tofauti, na kila mzazi ana haki ya kushangilia. Hapo utamwambia nani amekosea kusoma?

Na tanzia ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu mara nyingi huanza na jina la marehemu. Programu nyingi za kutuma ujumbe huamua mwelekeo wa aya kwa kutazama herufi ya kwanza yenye upande wake. Ikiwa ni ya Kiarabu, aya yote inahesabiwa kuwa ya Kiarabu, hata kama maneno yaliyobaki arobaini ni ya Kiswahili. Jina linakwenda kulia kabisa, Kiswahili kinasukumwa kushoto kwake, na nukta ya mwisho inatangulia mbele ya kila kitu:

```
.amefariki, mazishi ni leo JINA
```

Mara hii hakuna neno lililopotea, ndiyo, lakini msiba umeandikwa kama mtu aliyevaa kanzu nyuma-mbele.

Sasa tuje kwa dawa wanazotuuzia, maana hapo ndipo ugomvi wangu ulipo.

Dawa ya kwanza ni kusukuma nukta kwa mkono. Fundi anaona nukta iko kushoto, anaifuta, anaiandika mahali pasipo pake mpaka kwenye kioo chake ionekane sawa. Hiyo ni kuhonga kioo kimoja. Maandishi yenyewe sasa yana kosa la kweli, lililohifadhiwa, na ukiyatuma kwenye programu inayohesabu aya kwa njia nyingine, yanapinduka upya. Ukiyanakili kesho kwa cheti cha mtoto mwingine, unanakili na kosa.

Dawa ya pili ni picha. Ati tengeneza kama picha, itulie. Itatulia, ndiyo, na nambari iliyopinduka itatulia pia. Ingekuwa maandishi, mtu angeinakili, na kwa kuwa ndani imehifadhiwa kwa mpangilio sahihi, ingetoka sahihi. Hivi ndivyo unavyoweza kujua tatizo ni la kuonyesha tu: nakili nambari peke yake, ibandike mahali patupu. Ikitoka sawa, hukukosea kuandika. Kwenye picha huna hata nafasi hiyo.

Dawa ya tatu ndiyo inayoniudhi: acha Kiarabu. Jina Hamid kwa herufi zetu ni moja, lakini kwa Kiarabu kuna majina mawili tofauti yanayoweza kuandikwa hivyo, moja lenye irabu ndefu mwanzoni na jingine lenye irabu ndefu mwishoni. Herufi h yenyewe inabeba sauti mbili ambazo Kiarabu kinazitenga. Kijana akipeleka cheti chake cha madrasa kwenye chuo kinachosoma Kiarabu, mtu wa ofisi itabidi akisie, na akikisia vibaya ni jina jipya kwenye faili. Unamfutia mtu jina lake kwa sababu ya nukta mbili!

Na dawa yenyewe ni ndogo hadi inatia aibu. Kuna alama isiyoonekana, jina lake U+200E, inayofanya kazi ya herufi ya Kilatini bila kuonekana. Iweke mara tu jina linapoisha, kabla ya nukta mbili. Nukta mbili sasa ina jirani wa Kilatini, inarudi mahali pake, na nambari nayo inafuata. Tanzia ikianza na jina, iweke mwanzo kabisa wa aya, kabla ya herufi ya kwanza. Katika orodha ya washindi, iweke baada ya kila jina. Kwenye Word andika 200E kisha ubonyeze Alt pamoja na X. Kwenye simu kibodi nyingi hazina, kwa hivyo watu huihifadhi mahali na kuinakili.

Kwa wanaotengeneza kurasa na fomu, kuna njia safi zaidi, ya kulifungia jina chumba chake ili lisivute majirani:

```
Piga kwa <bdi>JINA</bdi>: 0123 456 789.
```

Kwa maandishi matupu, kazi hiyohiyo hufanywa na U+2068 kabla ya jina na U+2069 baada yake. Alama hizo ziliingia Unicode mwaka 2013. Si juzi. Mtu anayeuza fomu ya usajili leo, katika nchi yenye Garissa na Lamu na Isiolo, bila kulifungia jina chumba, hana kisingizio cha kwamba teknolojia haijafika.

Ila kuna mtego, na watu wa kompyuta wanaupuuza. Alama isiyoonekana ni herufi kama nyingine. Ukiihifadhi ndani ya jina kwenye orodha ya wanafunzi, jina hilo na jina lilelile lisilo na alama huwa vitu viwili, na ukitafuta hulipati. Mifumo mingine nayo huzifuta kimyakimya, kwa kuwa matapeli hutumia ndugu zake kuficha jina halisi la faili. Kwa hiyo jina lihifadhiwe tupu, na chumba kijengwe wakati wa kuonyesha tu. Kwenye bango au cheti, ambako maandishi yanaishia kwenye karatasi, tia alama bila wasiwasi.

Mkono wa shekhe uliokuwa ukichanganya Kiswahili na Kiarabu kwa kalamu haukuhitaji haya yote, kwa sababu mwandishi alijua jina linaanzia wapi na linaishia wapi. Kompyuta haijui. Ni kuambiwa tu.

Basi ukienda dukani na tanzia yako au bango lako, usilipe kwa kutazama kioo. Omba nakala moja ya karatasi. Shika simu, soma nambari kutoka kwenye karatasi hiyo, kushoto kwenda kulia kama atakavyosoma mgeni, piga, na usubiri mweka hazina aitike.