Kulogi si ruhusa ya kugusa kila rekodi

Vijana wengi wanaounda mifumo ya chama, basari au kliniki hudhani kazi ya usalama imeisha pindi mtumiaji anapoweka nywila. Mimi nasema hapo ndipo inapoanza. Nywila hujibu swali moja tu: huyu ni nani? Haijibu swali la pili: je, rekodi hii ni yake?

Hebu chukua mfumo wa chama. Mwanachama ameingia, anataka kubadilisha nambari ya simu ya kupokelea malipo. Anwani kwenye kivinjari chake ni `/mwanachama/1041/hariri`. Sasa akiandika 1042 badala ya 1041? Kama seva yako inatumia amri hii, kwisha maneno:

```sql
UPDATE wanachama SET simu = ? WHERE id = ?
```

Ameshabadilisha simu ya mwenzake, na zamu ya malipo ikifika, pesa zitaingia kwake. Hakuiba nywila ya mtu. Alihesabu tu.

Dawa yenyewe ni maneno machache:

```sql
UPDATE wanachama SET simu = ?
WHERE id = ? AND akaunti_id = ?
```

Lakini angalia hiyo `akaunti_id` inatoka wapi. Itoe kwenye sesheni iliyo katika seva, kamwe usiitoe kwenye fomu, hata kama umeificha, kwa sababu kila kinachotoka kwenye kivinjari mtumiaji anaweza kukibadilisha. Amri isipogusa safu yoyote, jibu 404, ili anayebahatisha asijue hata kama 1042 ipo. Mwekahazina anayehariri rekodi za wengine apewe ukaguzi wake katika seva, nao umfungie ndani ya chama chake.

Kuna wanaosema ati dawa ni kutumia vitambulisho virefu visivyokisika. Vinasaidia, sikatai. Ila kiungo hutumwa kwa WhatsApp na hubaki kwenye historia ya simu. Mara kikishajulikana, hakuna tena cha kukisia, na mlango uko wazi.

Na usidhani hili ni kosa la wanagenzi. Mwaka 2019 iligunduliwa kwamba tovuti ya First American, kampuni kubwa ya bima ya hatimiliki za nyumba kule Marekani, ilikuwa imeacha wazi takriban rekodi milioni 885. Ungebadilisha tarakimu moja kwenye kiungo, ungesoma hati za mtu mwingine. Hapo hata kulogi hakukuhitajika.

Kwa hivyo kabla hujakabidhi mfumo, fungua akaunti mbili. Ingia kwa ya kwanza, kisha jaribu kusoma, kuhariri na kufuta rekodi ya ile ya pili. Usiishie kwenye vitufe vya skrini. Tuma maombi moja kwa moja kwa seva, maana kitufe kilichofichwa hakimzuii anayejua anwani. Hata ombi moja likipita, mfumo wako bado haujaisha.