Nilikwenda Ulaya Kuhesabu Magunia: Kwenye Ukaguzi, Swali Ni Unaanzia Wapi

Nilipowaambia wenzangu bwenini kwamba fildi yangu imeangukia Ulaya, kuna mmoja aliniomba nimletee koti la baridi. Ikabidi nifafanue. Ulaya yangu mimi ni ile ya Kilosa, ukiwa njiani kwenda Mikumi. Koti sikurudi nalo, ila nilirudi na somo ambalo kwenye desa letu la ukaguzi lipo nusu tu.

Nusu iliyopo tunaijua wote. Uongozi ukiandika kwenye mizania kwamba una mahindi ghalani ya shilingi 38,400,000, mstari huo mmoja umebeba madai kadhaa. Unadai kwamba mahindi hayo yapo kweli. Unadai kwamba hakuna mengine yaliyoachwa nje ya vitabu. Unadai kwamba thamani yake ni hiyo iliyoandikwa. Sisi tunayaita uwepo, ukamilifu na thamani, tunayaorodhesha kwenye mtihani pamoja na ndugu zao, tunapata maksi, tunasahau. Hoja yangu ni kwamba orodha hiyo haina kazi kama hujui kila dai linakutuma uanzie wapi. Mimi niliijua orodha yote, na siku ya pili ya fildi nikaharibu.

Tulikuwa tunakagua chama kimoja cha wakulima ambacho sitakitaja, na tarakimu nimezibadilisha ili kisijulikane. Kilikuwa kinanunua mahindi kwa wakulima kwa mkopo: unaleta magunia, unapewa hati ya kupokelewa mzigo, unalipwa baadaye chama kikishauza. Nakala moja ya hati inabaki kitabuni, nyingine unakwenda nayo nyumbani. Hesabu zilifungwa tarehe 30 Juni. Leja ilisema siku hiyo ghalani kulikuwa na magunia 640 ya kilo 100, kila kilo ikiwa imenunuliwa kwa shilingi 600.

Tulianza na uwepo. Hapa unaanzia kwenye kitabu na kumalizia kwenye kitu. Unachukua kilichoandikwa, unakwenda kukitafuta kwa macho yako. Sababu ni rahisi: hofu yako ni kwamba mtu ameandika kisichokuwepo, na kisichokuwepo utakikosa tu ukitoka na karatasi mkononi kwenda kukitafuta. Dada aliyekuwa kiongozi wa timu yetu hakuridhika kuhesabu safu za mbele. Alitupandisha juu ya rundo tuone kama katikati kuna uwazi, maana rundo linaweza kupangwa kama ukuta huku ndani ni hewa. Akafunguza magunia machache aliyoyachagua mwenyewe, tukaona kama ndani ni mahindi au pumba. Tukapima mengine kwenye mizani, kwa sababu gunia la lumbesa na gunia lililopungua yote mawili huhesabiwa "moja".

Haya si mambo ya ushamba wa Ulaya peke yake. Mwaka 1938 huko Marekani iligundulika kwamba kampuni ya dawa ya McKesson & Robbins ilikuwa na mali ya dola milioni 87 kwenye vitabu, na kati ya hizo kama milioni 19 hazikuwepo kabisa. Wakaguzi walikuwa wamepitia karatasi, na karatasi zilikuwa zinakubaliana vizuri tu. Hawakuwa wamekwenda kuziona bidhaa. Baada ya kashfa hiyo ndipo kwenda kushuhudia uhesabuji wa bidhaa, na kuwaandikia wadaiwa wathibitishe deni, vikawa kazi ya lazima ya mkaguzi kule.

Turudi ghalani. Tulihesabu tarehe 12 Julai, siyo 30 Juni, kwa hiyo ilibidi kurudi nyuma. Siku hiyo tulikuta magunia 515. Tangu Julai Mosi yalikuwa yametoka 180 na kuingia 70. Unaongeza yaliyotoka, unapunguza yaliyoingia: 515 jumlisha 180 toa 70, unapata 625. Leja ilisema 640. Pungufu magunia 15. Kwa shilingi 60,000 gunia, ni shilingi 900,000. Mtunza ghala alisema panya na unyevu, na kusema kweli wengi wetu tulikuwa tayari kumwelewa.

Ndipo nikapewa kazi yangu: kupima ukamilifu wa madeni kwa wakulima. Yaani, je, wakulima wote wanaokidai chama wameandikwa? Nikajiona msomi. Nikachukua orodha ya wakulima wanaodai, nikachagua majina 20 yenye madeni makubwa zaidi, nikatafuta hati ya kila mmoja. Zote 20 zikapatikana, nikaweka tiki 20 kwa kalamu nyekundu.

Yule dada akaangalia karatasi yangu akaniuliza, "Sasa mdogo wangu, ambaye hakuandikwa humu ungemkutaje humu?"

Nilinyamaza. Nilikuwa nimepima uwepo nikauita ukamilifu. Ukianza na orodha, utathibitisha waliomo kwenye orodha, hata ukichagua mia mbili. Aliyeachwa nje hana mstari wa kuchaguliwa. Kwa ukamilifu njia inageuka: unaanzia kwenye kitu, unamalizia kwenye kitabu. Na hata ukiamua kuwaandikia watu wathibitishe madeni yao, usikimbilie wenye salio kubwa. Nenda kwa wale ambao kwa kawaida huuza sana lakini kitabu kinasema wanadai kidogo au hawadai kitu. Deni lililofichwa linaonekana dogo. Ndiyo maana ya kufichwa.

Nikaanza upya. Nilichukua vitabu vya hati, ambavyo kwa bahati vilikuwa na namba za mfululizo zilizochapwa kiwandani, nikazifuata namba moja moja hadi kwenye leja. Mwisho wa Juni nikakuta pengo. Hati nne zilizofuatana, za tarehe 29 na 30, nakala zake zilikuwemo kitabuni lakini kwenye leja ya Juni hazikuwepo, na ya Julai pia hazikuwepo. Magunia 11 kwa jumla.

Mmoja wa wenye hati hizo alikuwa mama mmoja wa palepale kijijini. Tulikwenda kwake. Baada ya shikamoo na marahaba alitoa karatasi yake ndani ya mfuko wa nailoni, imekunjwa mara nne. Magunia manne. Akaniuliza, "Mwanangu, kwani haya hayajaandikwa?" Kwa mujibu wa karatasi yangu ya tiki 20 ningesaini kwamba wakulima wote wameandikwa. Shilingi 240,000 za mama huyu zingebaki ndani ya karatasi iliyokunjwa, na mimi ningekuwa nimerudi chuoni na A.

Kuna jambo la pili ambalo hati hizo nne zilifichua. Magunia yale 11 yalikuwa yamepokelewa kweli, yakaingizwa ghalani, na sisi tuliyahesabu pamoja na mengine. Kwa hiyo leja ilitakiwa kusema 651, siyo 640. Na kama ghalani kulikuwa na 625, basi upungufu haukuwa magunia 15. Ulikuwa 26. Kosa la ukamilifu lilikuwa limeziba sehemu ya kosa la uwepo. Panya wa Ulaya wana njaa, lakini magunia 26 ya kilo mia yalihitaji maelezo mengine, na mtunza ghala safari hii aliitwa na uongozi wake.

Ninaposema madai haya hayapimwi kwa hatua moja namaanisha hivyo. Ungeweza kuhesabu ghala zima kwa uaminifu mkubwa na bado ukapata jibu la uongo, kwa sababu uliloliliinganisha nalo lilikuwa na upungufu.

Likabaki la tatu, thamani. Hapa kuhesabu hakukusaidii tena, uanzie kitabuni au ghalani. Gunia lipo, limeandikwa, ni la chama. Je, ni la shilingi 60,000? Kanuni ya IAS 2 inasema bidhaa iandikwe kwa gharama yake au kwa kiasi halisi itakachoingiza ikiuzwa, ukishatoa gharama za kuiuza, kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Kwa hiyo ushahidi wa thamani unautafuta mbele, baada ya kufunga hesabu, kwenye ankara za mauzo. Yale magunia 180 yaliyotoka mwanzoni mwa Julai yaliuzwa kwa shilingi 520 kwa kilo, na chama kililipa shilingi 30 kwa kilo kuyafikisha kwa mnunuzi. Kilichobaki ni 490. Mavuno yalikuwa yameshika kasi kila mahali na bei ilikuwa imeshaanguka kabla Juni haijaisha.

Tofauti ya shilingi 110 kwa kilo, kwa magunia 625, ni shilingi 6,875,000. Linganisha na 1,560,000 ya magunia 26 yaliyopotea. Tulitoka jasho juu ya rundo siku nzima kwa ajili ya kosa dogo, na kosa kubwa lilikuwa limelala kwenye faili la ankara. Sisemi kupanda rundo ni bure. Wizi ni wizi hata ukiwa mdogo. Nasema kama tungeishia kwenye uwepo kwa kuwa ndiyo kazi inayoonekana, tungeidhinisha mali iliyokuzwa kwa karibu shilingi milioni saba.

Na zipo sehemu ambazo hata njia sahihi haifiki. Namba za mfululizo zinakamata hati iliyorukwa, lakini hazimkamati mkulima aliyeshusha mzigo usiku bila kupewa hati. Huyo utamjua kwa kuongea na watu tu, na kwa kuchungulia daftari la madereva na la wapagazi, maana mpagazi hulipwa kwa gunia na hasahau.

Kwa hiyo ombi langu kwa wahadhiri wetu ni dogo. Badala ya "taja na ueleze madai matano", tupeni hati nne, ukurasa wa leja na ankara mbili, mtuulize: unaanzia wapi, unaelekea wapi, na kwa nini? Atakayekuwa amekariri ataanza na leja kila mara, kama nilivyofanya mimi. Afadhali apate sapu chuoni kuliko kukosea mbele ya mtu mwenye karatasi iliyokunjwa mara nne.