Kakontwe: Tundu ya muhindi haidanganyi

Wandugu, ile foto ya mufuko wa mahindi wa Kakontwe tumeiangalia. Kwa mbegu 100 tulizohesabu juu, 30 ziko na tundu ya duara. Mwenye depo anasema wadudu waliingia juma lililopita. Tunakataa! Tundu ile ni mulango wa kutokea: kidudu kilikomalia ndani ya mbegu karibu juma tano, tangu yai. Pengine kilianzia shambani, foto haionyeshi. Lakini 30 ni uzao juu ya uzao, mahindi yamelala bila kuangaliwa. Na mbegu yenye funza bado haina tundu. Wafungue mifuko mbele yetu, tuhesabu juu, katikati na chini, mbele haijaenda kwenye mashini ya unga.