Tarakimu kumi zinazojihesabu zenyewe
KALAMU NA DAFTARI
Na Zuhura Makame

Iandike namba hii kwenye karatasi: 6210001000. Ina tarakimu kumi. Ya kwanza inataja idadi ya sifuri zilizomo ndani ya namba yenyewe, ya pili inataja idadi ya moja, ya tatu idadi ya mbili, na kuendelea hivyo hadi ya kumi, inayotaja idadi ya tisa. Sasa hakikisha. Sifuri ziko sita, na namba imeanza na 6. Moja ziko mbili, mbili iko moja, sita iko moja. Tatu, nne, tano, saba, nane na tisa hazimo kabisa, na kila nafasi inayozihusu imewekwa sifuri. Haijakosea popote.

Wengi wakishaiona hufurahi na kufunga daftari. Mimi naona hapo ndipo swali lenyewe linapoanza. Je, kuna namba nyingine ya tarakimu kumi yenye sifa hiyo? Ukimpa mwanafunzi swali hili katika mtihani wa kuchagua A, B, C au D, umeliua. Atahesabu sifuri za kila chaguo, atapata lililo sawa ndani ya dakika moja, na hatapata sababu yoyote ya kujiuliza kwa nini limekuwa hilo na si lingine. Ninaamini kwa dhati kwamba aliyepata jibu bila kujua kama lina mwenzake amefanya nusu ya kazi, na nusu iliyobaki ndiyo tamu zaidi.

Asiyepewa machaguo huanza kwa kubahatisha na kusahihisha. Anaandika 9000000000, anahesabu: sifuri tisa, tisa moja. Anairekebisha iwe 9000000001. Lakini sasa sifuri zimepungua kuwa nane na imezuka moja, basi inakuwa 8100000001. Akihesabu tena anapata 7200000010, kisha 7110000100, kisha 6300000100. Anaona anakaribia. Anahesabu tena na kupata 7101001000. Anahesabu hiyo nayo, na inamrudisha kwenye 6300000100 aliyokwisha kuiandika. Kuanzia hapo atakwenda na kurudi kati ya namba hizo mbili hata akikesha, kwa sababu kila moja inaieleza mwenzake badala ya kujieleza yenyewe. Dalili ya kunaswa ni hiyo: namba uliyoiacha nyuma inatokea tena. Ukiiona, usizidishe juhudi. Badili namba ya kuanzia, au badili njia.

Njia ninayoipenda inaanzia kwenye jumla. Kila tarakimu katika namba yetu ni hesabu ya kitu fulani, na vitu vinavyohesabiwa ni tarakimu zenyewe, ambazo ni kumi. Kwa hiyo ukizijumlisha zote lazima upate 10. Jaribu: 6 na 2 na 1 na 1 ni 10. Hatujabahatisha chochote, na tayari tumeifunga namba mkono mmoja.

Sasa tuiite tarakimu ya kwanza Z, yaani idadi ya sifuri. Z yenyewe haiwezi kuwa sifuri, maana ingekuwa inasema hakuna sifuri huku yenyewe ni sifuri. Ondoa sifuri zote Z, na iondoe Z pia. Zinabaki tarakimu 9 − Z, na hakuna hata moja kati yake iliyo sifuri. Jumla yake ni 10 − Z. Tulia hapa kidogo, kwa kuwa ndipo penye siri yote. Tarakimu hizo zilizobaki, kila moja ikiwa angalau 1, zina jumla inayozidi idadi yake kwa moja tu. Hilo linawezekana kwa namna moja pekee: zote ni 1, isipokuwa moja iliyo 2. (Z ikiwa 9 hakibaki kitu, na kitu kisichokuwapo hakiwezi kuwa na jumla ya 1, kwa hiyo 9 imeshindwa.)

Basi namba nzima ina Z, ina 2 moja, ina 1 kadhaa, na zilizobaki ni sifuri. Tuseme Z ni 1 au 2. Hapo hakuna tarakimu inayozidi 2, kwa hiyo nafasi za tatu, nne, hadi tisa zote saba zitakuwa sifuri. Sifuri saba, na Z inadai ni moja au mbili! Haiwezekani. Kwa hiyo Z ni 3 au zaidi, na inatokea mara moja tu, hivyo nafasi inayoihesabu ina 1. Mbili nayo iko moja, hivyo nafasi yake ina 1. Ile 2 iliyobaki haina pa kukaa ila kwenye nafasi inayohesabu moja. Nafasi zisizo sifuri zimekuwa nne kamili: ya sifuri, ya moja, ya mbili, na ya Z. Kumi toa nne ni sita. Z ni 6, na namba ni 6210001000, haina mwenzake.

Uzuri wa hoja hii ni kwamba inafanya kazi hata urefu ukibadilika. Namba ya tarakimu saba ni 3211000, kwa kuwa saba toa nne ni tatu. Tarakimu sita zinagoma: sita toa nne ni 2, wakati hoja inataka Z ianzie 3, na Z ndogo kuliko hapo inakataliwa na sifuri tatu za nafasi za mwisho. Kwa tarakimu nne jambo linageuka tena, kwani namba ni mbili, 1210 na 2020. Hebu zihesabu.

Hali hiyo ya jibu moja, mawili au hakuna inaonekana pia kwenye orodha za kauli. Chukua kauli kumi, kila moja ikisema idadi kamili ya kauli za uongo zilizomo: ya kwanza inasema ni moja, ya pili mbili, hadi ya kumi. Kauli mbili haziwezi kuwa za kweli pamoja, maana zinapingana. Zote zikiwa za uongo, ya kumi inakuwa kweli, na hapo tumejipinga. Kwa hiyo kweli ni moja, uongo ni tisa, na mkweli ni kauli ya tisa. Badili neno «uongo» liwe «kweli» na uhakika unatoweka: kauli ya kwanza peke yake inaweza kuwa kweli, au zote kumi zikawa uongo, na hakuna kinachoweza kuamua.

Orodha inayonivutia zaidi ni ile inayosema «angalau». Kauli ya kwanza inasema za uongo ni angalau moja, ya pili angalau mbili, na kadhalika. Ikiwa za uongo ni tano, kauli tano za kwanza ni kweli na tano za mwisho ni uongo, na kila kitu kinakaa sawa. Kwa ujumla, idadi ya za kweli lazima ilingane na idadi ya za uongo, kwa hiyo urefu wa orodha lazima uwe namba shufwa. Futa kauli ya kumi, zibaki tisa. Tisa haigawanyiki katika mafungu mawili yaliyo sawa, na ukianza na ya tano utaona: ikiwa ni kweli, za uongo ni nne tu, nayo imesema angalau tano, ikiwa ni uongo, za uongo ni tano, na imesema kweli.