Chungu Kinachong'aa Kina Maswali

Wanachuo wenzangu, hofu kwamba vyungu vya kienyeji vina sumu ya risasi, kwa vyungu vya kwetu Kate, Ufipa, naona imepotea njia. Risasi hukaa kwenye ganda la kioo linalopakwa chombo ili king'ae. Chungu kilichochomwa kwa kuni uwanjani kwa kawaida hakina ganda hilo. Kikimetameta kidogo, kimesuguliwa kwa jiwe tu.

Dondoshea tone la maji kwenye chungu kipya (kilichopikiwa kimeshazibwa na mafuta, kitakudanganya). Likinywewa, hakuna kioo. Likibaki juu, uliza kimepakwa nini. Moto wa uwanjani mara nyingi haufiki nyuzi 1,000, na kioo kisicho na risasi kwa kawaida hutaka zaidi ya hapo. Basi huenda kuna rangi, vanishi, au kioo cha risasi. Kipi? Tone halisemi, maabara ndiyo hupima.

Mimi hicho ningepandia maua. Togwa iliyochacha ikilala humo, uchachu wake huivuta risasi, na huionji wala huinusi. Huumiza zaidi ubongo wa watoto, hao hao tutakaowafundisha. Wanaopaka vanishi kuwafurahisha wateja wa mjini wauze kama mapambo, na waseme hivyo.