Nambari za akaunti zikaguliwe kabla ya kuingizwa

Mwisho wa muhula unapowadia, ofisi za fedha katika shule na vyuo vyetu hukabiliwa na orodha ndefu ya wanaodai: aliyeleta mahindi na maharagwe, mwenye kuni, mwenye vitabu, fundi wa mabomba. Orodha hiyo hunakiliwa kutoka kwenye ankara, ikapita mikono miwili mitatu, kisha karani akaiingiza katika mfumo wa malipo wa benki. Nambari ikikosewa na akaunti haipo, fedha hurudi baada ya siku kadhaa. Ikikosewa na akaunti ni ya mtu mwingine, shule hubaki kumsihi asiyeijua, huku mwuza mahindi akisimama langoni.

Kinga ya kwanza ni kuhesabu tarakimu. Benki zetu hazina urefu mmoja wa nambari: ipo inayotumia tarakimu 10, ipo ya 13, na ipo ya 14. Basi haifai kuuliza tu kama nambari ni ndefu ya kutosha. Sharti ilinganishwe na benki iliyotajwa katika mstari huo huo. Hapa pana mtego ambao walimu wengi wameuona bila kuutambua. Lahajedwali huchukua nambari ya akaunti kuwa hesabu, na hesabu haianzi kwa sufuri. Akaunti ya tarakimu 14 inayoanza na 0 hupoteza sufuri hiyo na kubaki na 13, ambao ni urefu halali wa benki nyingine! Dawa ni kuifanya safu hiyo iwe ya maandishi kabla ya kuandika chochote ndani yake.

Hata hivyo, urefu haumfichui karani aliyeandika 35 badala ya 53. Kazi hiyo ni ya tarakimu za ukaguzi, na mfano ulio wazi kwa kila mtu ni IBAN, nambari ya akaunti inayotumiwa Ulaya. Kenya haiitumii, lakini chuo kinachoagiza vifaa vya maabara kutoka Ujerumani hukutana nayo katika ankara.

IBAN ya Ujerumani ina herufi na tarakimu 22. Chukua hii, ambayo hutumiwa sana kufundishia: DE89 3704 0044 0532 0130 00. Hizo 89 ndizo tarakimu za ukaguzi. Hamisha alama nne za mwanzo ziende mwisho, kisha geuza D kuwa 13 na E kuwa 14, kwa kuwa A huhesabiwa 10. Unapata 370400440532013000131489. Igawe kwa 97. Baki lazima liwe 1.

Mwanafunzi asiogope urefu huo, maana kazi hufanywa kwa vipande. 370400440 ikigawanywa kwa 97 huacha 23. Iandike 23 mbele ya tarakimu saba zinazofuata, upate 235320130. Baki ni 70. Endelea hivyo hivyo: 700013148 huacha 38, na 389 huacha 1. Nambari imepita. Sasa badilisha 53 iwe 35, yaani mwanzo wa IBAN uwe DE89 3704 0044 0352. Baki la mwisho huwa 22, na kosa limejitokeza lenyewe. Kwa kuwa 97 ni namba tasa, kukosea tarakimu moja au kupindua mbili zilizo jirani hakupiti kamwe.

Lakini nambari iliyobuniwa ovyo ina nafasi kama moja katika 97 ya kupita. Kwa hiyo tunampinga vikali karani anayegeuza tarakimu hii na ile mpaka mashine inyamaze. Huyo hakusahihisha kosa. Amelificha, naye amempelekea mgeni fedha. Mstari uliokataa utolewe kwenye orodha, wengine walipwe, na mwenye mali aulizwe upya.

Tena aulizwe kwa simu iliyo katika faili lake la zamani, si ile iliyoandikwa juu ya barua mpya. Laghai anayetuma barua kwamba akaunti ya mwuzaji imebadilika huleta nambari yake mwenyewe, iliyo sahihi kwa urefu na kwa tarakimu zote. Ukaguzi huu hauwezi kumnasa, kwa kuwa haujui jina la mwenye akaunti. Vilevile, benki nyingi za hapa hazitangazi kanuni za tarakimu zao, na bursa hana budi kutegemea urefu, jina la benki na tawi, pamoja na mtu wa pili wa kusoma ankara kwa sauti huku wa kwanza akifuata orodha kwa kidole.