Dakika Tatu Mbele ya Jopo

Wiki tatu zilizopita alitujia binti mmoja wa mtaani kwetu, mwalimu wa madrasa ya wasichana, akiwa na barua mkononi. Amealikwa kuketi katika jopo la watu wanne, akina mama na maimamu, kuzungumzia hati za ndoa. Kila mwanajopo amepewa dakika tatu za kufungulia, kisha maswali. "Maalim," akatwambia, "dakika tatu zitanitosha vipi, nami nina mambo kumi ya kusema?"

Tukamwomba atusomee alichoandika huku tumeshika saa ya simu. Alimaliza kwa dakika tano na nusu. Dakika ya kwanza nzima ilikwenda kwa salamu: mgeni rasmi, maimamu, wazee wa mtaa, akina mama, vijana, kila mmoja kwa cheo chake. Hilo ndilo kosa la kwanza la watu wa pwani, na sisi masheikh ndio tuliowafundisha. Mwenye kuongoza mkutano huwa ameshawatambua wageni, kwa hiyo mwanajopo anatosheka na salamu moja ya Kiislamu na neno la heshima kwa wote.

Kisha tukahesabu. Kwa usomaji wake wa utulivu, binti yetu anatamka maneno kama mia moja kwa dakika. Basi dakika tatu ni maneno mia tatu, na ukiacha nafasi ya kuvuta pumzi na kusubiri ukumbi utulie, yanabaki mia mbili na sabini hivi. Maneno hayo hayachukui mambo kumi. Yanachukua dai moja, mfano mmoja, na changamoto moja, yaani jambo moja ambalo msikilizaji anakabidhiwa alijibu.

Dai lake la kwanza lilikuwa hili: "Hati ya ndoa ni muhimu kwa mwanamke wa Kiislamu." Tukamwuliza, ni nani ukumbini atakayesimama kulipinga? Hakuna. Dai ambalo mtu mwenye akili timamu hawezi kulikanusha halizindui mjadala, linaitikiwa kwa kichwa na kusahauliwa. Akalibadilisha: "Ndoa isiyo na hati si ndoa." Hapo alitoka kwenye usingizi akaangukia kwenye moto. Imamu yeyote aliyeketi pale angemjibu, na kwa haki, kwamba nikaha husimama kwa walii, mashahidi wawili na tamko la kuozesha na kukubali, wala karatasi si nguzo yake. Dakika zote za maswali zingeishia hapo, na jambo alilolijia lisiguswe.

Jioni ile tulikaa na sentensi hiyo moja kwa muda mrefu kuliko mengine yote, na hatujuti. Mwisho akaandika: "Nikaha husihi bila karatasi, lakini bwana na bibi harusi wasiondoke majlisini kabla hati yao haijaandikwa na kutiwa saini." Nusu ya kwanza inafunga mlango wa ubishi asioutaka. Nusu ya pili inafungua ule anaoutaka, kwa kuwa wapo watakaosema mambo ya karatasi yangoje wiki, wageni wale wali kwanza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inataka ndoa za Kiislamu nazo zisajiliwe. Hilo alilitaja kwa sentensi moja na kupita, maana ukumbi haukuja kusomewa sheria.

Mfano ulikuwa mwepesi kupatikana na mgumu kupunguzwa. Alikuwa na mitatu: mjane, msichana aliyetaka kumfuata mumewe ng'ambo, na mama aliyekuwa akidai matumizi ya watoto. Kila mmoja ulipata sekunde ishirini, na hakuna uliogusa moyo. Tukamshauri abakishe wa mjane na kuuongezea muda hadi dakika moja na nusu, ile miwili mingine aiweke akiba kwa ajili ya maswali.

Mjane huyo ni jamaa yake. Mumewe alifariki akiwa kazini, na alipokwenda kudai haki zake aliulizwa dirishani: "Una nini cha kuonyesha kwamba ulikuwa mkewe?" Alikuwa na picha ya harusi. Aliitoa kwenye mkoba, akaiweka mbele ya karani, na karani akairudisha kwa upole. Imamu aliyewafungisha alikuwa amekwisha kufa, shahidi mmoja alikuwa amehama, na bibi huyu akalazimika kwenda kwa kadhi kuithibitisha ndoa ya miaka kumi na tisa. Katika maandishi ya kwanza picha ile haikuwamo. Kulikuwa na maneno "alipata taabu nyingi". Sasa taabu imeondoka, imebaki picha juu ya meza ya karani.

Kabla ya lolote, tulimtaka aende kwa bibi huyo kumwomba idhini, kwani kusimulia ya mtu ukumbini bila ridhaa yake kunakaribia usengenyi hata kama nia ni njema. Alikubali, kwa sharti kwamba mahali alipofanya kazi marehemu pasitajwe.

Changamoto ndiyo inayowashinda wengi. Binti yetu alikuwa ameandika, "Je, tutaendelea kunyamaza hadi lini?" Swali la namna hiyo halina mwenyewe, kila mtu hudhani anaulizwa jirani yake. Changamoto inataka mtu anayetambulika, jambo aliwezalo, na jibu linaloweza kutolewa pale pale. Lakini yeye ni kijana, na aliokusudia kuwauliza ni masheikh wenye mvi. Njia tuliyoiona ni aanze na walio wake: "Sisi akina mama huuliza rangi ya sare na idadi ya sinia, wala hatuulizi hati itaandikwa na nani." Baada ya kujikosoa ndipo anageuka: "Na masheikh wetu, kwa heshima, naomba kila mmoja atujulishe leo: siku ya akdi, kitabu cha hati huwa wapi?"

Aliporudi nyumbani alimsomea mama yake, kisha akamwuliza, "Nimesema nini?" Mama akaisimulia picha ya mjane yote, ila dai hakulikumbuka. Ilikuwa ishara kwamba dai limefunikwa. Basi akalisema mwanzoni kabisa baada ya salamu, na akalirudia kwa maneno yale yale mara baada ya mfano, kabla ya changamoto. Mara ya pili mama alilitaja. Kwenye kadi aliandika mistari mitatu tu. Alichokihifadhi kwa moyo ni sentensi ya dai na ile ya mwisho. Tulimwonya pia kwamba mwenyekiti akimpunguzia muda ukawa dakika mbili, apunguze katikati ya mfano, aache imamu na shahidi, lakini picha na swali vibaki.

Siku ya jopo tulikaa safu ya nyuma na saa yetu. Alitumia dakika mbili na sekunde hamsini. Ukumbi ulicheka kidogo aliposema sinia, kisha ukanyamaza. Imamu wa kwanza akachukua kipaza sauti, akafikiri, akasema kitabu kiko ofisini na ufunguo anao katibu. Mama mmoja wa safu ya mbele akamwuliza katibu huenda harusini. Akajibu kwamba hualikwa, lakini huja wakati wa chakula.